Namna ya Kuajiri Mpokezi Bila Kuposa

"Anahitajika msichana mrembo, umri miaka 18 hadi 25, asiyeolewa, kwa kazi ya mapokezi hotelini." Ukilisoma tangazo hili haraka, utadhani nyuma yake kuna bwana harusi. Kwa hiyo ukipewa ulitafsiri kwa Kiingereza, kabla hujashika kamusi, muulize mwajiri mpokezi wake atafanya nini. Atakwambia: kupokea wageni, kuandika majina yao, kutoa risiti, kuzungumza Kiswahili na Kiingereza, na kukesha zamu mbili kwa wiki. Urembo haumo. Ndoa haimo. Tafsiri hayo aliyoyataja.

Kiswahili kitakubeba, maana "atapokea wageni" haisemi kama ni mwanamke au mwanamume. Hatari iko upande wa Kiingereza. Huko ile "a-" hugeuzwa kiwakilishi cha kike au cha kiume, na watafsiri wengi humpa mpokezi cha kike na meneja cha kiume bila kujua wamechagua. Wapo wanaotumia kiwakilishi cha wingi kwa mtu mmoja. Kinakubalika, ila tangazo likirudi kwenye Kiswahili, asiye makini huandika "watapokea", na msomaji hudhani nafasi ziko nyingi. Mimi napendelea kumsemesha mwombaji mwenyewe: "Utapokea wageni na kutoa risiti." Nafsi ya pili haina jinsia katika lugha zote mbili.

Kwenye usaili mambo yanageuka. Swali "Umeolewa?" limeshaamua kwamba anayeulizwa ni mwanamke, na "umeoa?" kwamba ni mwanamume. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote, basi mtafsiri huridhika kwamba swali limesafishwa. Halijasafishwa, limevalishwa kanzu tu. Mwajiri alitaka kujua kama zamu ya usiku itafanyika, basi aulize hilo: "Zamu ya usiku ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, mara mbili kwa wiki. Utaweza kuifanya?" Waulizwe waombaji wote, kwa maneno yaleyale. (Kwa Kiingereza andika "10 p.m.", la sivyo watu watakuja alfajiri.)

"Una mpango wa kuzaa?" halina tafsiri nzuri. Lifute. Nchini Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu au umri, na kinamlinda hata anayeomba kazi.

Ukimaliza, mpe matoleo yote mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, mtu ambaye hajaona tangazo la mwanzo, akueleze anamwona nani kwenye kiti cha mapokezi. Akitaja jinsia au umri, itafute sentensi iliyomwambia. Na mwajiri aking'ang'ania "mrembo", mwombe akutajie kazi moja ya mapokezi itakayokwama bila urembo. Asipoipata, neno hilo liondoke katika lugha zote mbili.