Tajiri wa Elfu Nane

Mwenye bodaboda Dar es Salaam huitwa tajiri, na jina hulipokea bila aibu. Hesabu yake, tuseme, ni shilingi 8,000 kwa siku, siku 26: 208,000 kwa mwezi. Mafuta ni ya dereva. Tajiri anabebeshwa matairi, cheni, bima na leseni, tuweke 58,000. Zinabaki 150,000, naye huziita faida. Lakini pikipiki aliinunua milioni 3, kwa hiyo miezi 20 ya kwanza anajirudishia tu hela yake mwenyewe, tena kwa kushukuru. Utasema chombo bado kipo. Kipo, ila ekzosi inatoa moshi wa buluu, maana ringi za pistoni zimelika, na mnunuzi akiuona anataja bei ya chuma chakavu. Basi faida yake ya siku ni bei hiyo ya chakavu, igawe kwa siku 520.