Ada Imekufa, Makato Yanaishi

Desemba ikiingia tu, kampuni za kutuma pesa hukumbuka ghafla kwamba sisi wabeba maboksi wa Uingereza tuna ndugu. Mwaka mzima hawaniandikii ila kunitaka nipige picha upya ya pasipoti. Sasa simu haipumui: kofia nyekundu ya Krismasi, bibi wa kanga anayecheka meno yote nje, na maandishi makubwa, TUMA NYUMBANI BILA ADA. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Ubaya wa kwanza ni kwamba tangazo limerushwa na huko nyumbani. Zamani nilikuwa na kisingizio cha heshima: "Shangazi, makato ni makubwa, ngoja zijae nitume kwa mkupuo." Alikuwa ananielewa. Mwaka huu nimepata ujumbe wa sauti kutoka Korogwe: "Mwanangu, nimesikia redioni kutuma siku hizi ni bure. Basi usisubiri zijae. Zitume hivyo hivyo zilivyo."

Nikashika kalamu. Kabla ya ofa, kampuni hiyo hiyo ilikuwa inanitoza pauni 2.99, na pauni moja inanibadilishia kwa shilingi 3,240. Nikituma pauni 200, kwa shangazi zinafika 648,000. Ofa ilipoanza, ada ikawa sifuri kweli, sikatai. Ila pauni nayo ikashuka hadi 3,190, na pauni zile zile 200 zikawa 638,000. Nikasema pengine soko limeyumba. Nikatazama: soko limetulia kwenye 3,300 na ushee, siku zote mbili.

Kwa hiyo mimi nimeokoa pauni 2.99, ambazo kwa kiwango chao cha zamani ni shilingi 9,688. Shangazi kapungukiwa 10,000. Ada haikufa, bwana. Imehamia chumba cha pili, na imetudai shilingi 312 za kuhamisha vyombo.

Na ingeishia hapo ningenyamaza. Lakini ada ile ya zamani ilikuwa haijali ukubwa wa mzigo: ukituma 200 ni pauni 2.99, ukituma 600 ni pauni 2.99. Hii iliyojificha kwenye kiwango inakata kila pauni shilingi 50. Januari watoto wa kaka wanarudi shule, nikituma hizo 600, zinazopotea ni 30,000. Yaani kadiri unavyowapenda watu wako, ndivyo hii ofa ya upendo inavyokukamua.

Mbona lakini kwenye tangazo kuna kiwango kizuri, kinakaribia kabisa cha soko? Kipo. Ni cha mteja mpya, muamala wa kwanza tu, na awe amekumbuka kuandika neno la siri la ofa kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Mimi niliyekuwa nao tangu enzi za kupanga foleni dirishani zawadi yangu ni kutazama ile kofia.

Halafu "bila ada" yao inakomea kwenye simu ya shangazi. Kuzitoa hizo pesa kwa wakala kuna makato mengine, na shangazi hajawahi kusahau kuniuliza, kabla hata sijamaliza shikamoo, kama nimeweka na ya kutolea.

Siku hizi nikiona neno "bure" nalipita bila salamu. Nafungua programu za kampuni mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu viwango hubadilika mchana huo huo, naandika kiasi kile kile, kisha natazama vitu viwili tu: zinatoka ngapi kwangu, zinafika shilingi ngapi kwake. Mengine yote ni mapambo ya msimu. Kampuni ya pili haikuwa na bibi wala kofia. Ilitoza pauni 1.99 bila aibu, ikanipa 3,270, na kule zikafika 654,000. Nimelipa ada, na shangazi kapata 16,000 zaidi ya zile za bure. Hata ukiitoa hiyo ada yangu, bado tumewashinda kwa zaidi ya shilingi 9,000.

Nikampigia kwa fahari, nikamweleza yote, kiwango kwa kiwango. Akanisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho.

"Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Sasa hiyo ya ada uliyowapa hao wazungu, kwa nini hukutumia ile ya bure, ukaniongezea mimi?"

Msomaji, kama wewe ni mtu wa benki, una subira, na Korogwe unapajua, naomba umtembelee shangazi yangu. Nauli nitakutumia, na ya kutolea nitaweka.