Maembe ya Maneromango

Ukiolewa kwenye ukoo wenye shamba Kisarawe, mahari hulipwa mara moja lakini maembe huletwa kila mwaka. Msimu unaanza Novemba, dodo na bolibo zikianza kudondoka, na hauna haraka ya kwisha mpaka Januari. Hakuna anayekuuliza kama nyumbani kuna nafasi. Mama mkwe hupiga simu jioni na kusema, "Mwanangu, kuna kamzigo nimewatumia, kijana aende Maili Moja apokee," na kabla hujashukuru simu imeshakatwa.

Kamzigo ka safari hii kalikuwa viroba, vilivyorundikwa nyuma ya gari la mtu aliyekuwa na shughuli zake Kibaha. Vilitoka Maneromango, vikapita Mzenga, vikatokea Mlandizi na kushushwa Maili Moja, na kwa jinsi vilivyokaa nilijua kuna abiria walisafiri juu yake. Maembe husafirishwa kwenye matenga kwa sababu. Embe huendelea kuiva likishachumwa, kwa kuwa lenyewe hutoa hewa inayoliivisha, ndiyo hiyo bibi zetu waliyoifungia kwenye majani makavu walipovundika. Embe lililopondeka hutoa hewa hiyo kwa wingi kuliko zima, nayo huwafikia majirani zake wote. Kiroba cha maembe yaliyopondwa njia nzima, tena kikikaa kwenye joto, hujivundika chenyewe. Tulipofungua tulikuta juu maembe magumu, katikati yale ya kula leo, na chini ni mchuzi unaopenya kwenye nyuzi za kiroba na kuingia kwenye sakafu ya stoo.

Baba watoto ni mtu wa mipango mikubwa. Aliangalia mzigo, akaangalia blenda, akatangaza, "Tunasaga yote juisi, tunajaza chupa, tunakunywa mpaka Pasaka." Chupa alikuwa nazo: zile za maji ya lita moja na nusu, ambazo amekuwa akizikusanya tangu sikumbuki lini, akisema iko siku zitafaa.

Mimi nilitandika mkeka nikaanza kuyachambua kwa kidole. Unabonyeza karibu na kikonyo, maana hapo ndipo embe linaposema ukweli. Lisilobonyea kabisa linakwenda rundo la kwanza. Linalobonyea kidogo na kurudi ni la pili. Linalobaki na shimo la kidole ni la tatu, na hilo linafanyiwa kazi kabla ya kulala. Kuna na la nne, ambalo ngozi yake ina kitundu kidogo, pembeni yake pamelainika na mara nyingine utomvu umekauka juu yake. Hapo nzi wa matunda ametaga. Nzi huyo mgeni kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na hakuchelewa kuonekana kwetu, na wakulima wa maembe wa Pwani hawajapumzika tangu hapo. Mayai huanguliwa kwa siku chache tu, kwa hiyo embe linaloonekana zima leo, keshokutwa ndani ni funza. Hayo usiyatupe jalalani nyuma ya nyumba, maana funza watatoka, wajichimbie kwenye udongo na warudi wakiwa nzi. Funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, anika juani mpaka yaive kwa moto wa jua, na funza wote watakufa humo.

Nikiwa bado mkekani, upande wa pili wa nyumba blenda ilikuwa inalia.

Juisi yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kumwonea. Tatizo lilikuwa chupa. Kwenye ganda la kila embe kuna hamira za asili, na kisu kikipita kwenye ganda kinaingia nazo ndani. Ukitaka juisi ikae nje ya friji lazima uipashe moto mpaka ikaribie kuchemka, uikamulie ndimu, uimimine ikiwa ya moto vilevile kwenye chupa ya glasi iliyochemshwa, uifunge na uilaze kidogo ili umoto ufike kwenye kifuniko. Chupa ya maji haiwezi kazi hiyo, kwa sababu ukimimina juisi ya moto inajikunja na kunywea. Baba watoto alipoona ya kwanza imenywea akaamua kuipoza kwanza juisi kwenye ndoo, kisha ajaze. Alisahau kwamba ndoo, kata na hewa ya jikoni navyo vina hamira zake. Friza ilikuwa imejaa samaki, kwa hiyo chupa zikapangwa stoo, chini ya rafu ya vyombo.

Dalili zilikuwepo. Chupa ya juisi nzima ukiibonyeza inaingia, na hizi kesho yake zilikuwa ngumu kama tairi la baiskeli. Ndani vipovu vilikuwa vinapanda taratibu, na makapi yamejitenga na kuelea juu. Nilimwonyesha. Akasema ni povu la blenda.

Usiku wa manane tukasikia mlio, kisha wa pili, kisha sufuria zikaanguka. Watoto walilia, mbwa wa jirani akabweka, na mlinzi wa nyumba ya kona akamulika tochi dirishani akiuliza kama tuko salama. Stoo ilikuwa na harufu ya kilabu cha pombe. Juisi ilikuwa kwenye dari, kwenye gunia la mchele na kwenye suti ya harusi ya baba watoto iliyotundikwa humo kwa usalama. Zile ambazo hazijapasuka tulizifungua nje, moja moja, vifuniko vikilegezwa kwa kitambaa na uso ukigeuzwa pembeni.

Mama mkwe alifika siku iliyofuata. Hakuambiwa na mtu, ila habari za namna hii hufika Kisarawe kabla ya basi la kwanza. Alinawa mikono, akakaa kwenye kibao, akavuta rundo la tatu.

"Haya mabovu mabovu ndiyo jamu," alisema. "Nani amekwambia jamu ni kazi ya siku ya tatu?"

Akataka tupime. Kilo kumi za maembe yaliyolainika, yakishamenywa, kukwanguliwa kokwa na kuchujwa kwenye chekecheke kuondoa nyuzinyuzi, zilitupa rojo la kilo tano hivi. Dodo ingetoa zaidi, lakini nyingi zilikuwa sindano, ambazo kokwa na nyuzi ndizo zimechukua nafasi. Akaongeza ndani ya hesabu hiyo maembe machache yaliyoanza tu kubadilika rangi. Embe lililoiva sana limepoteza ule ute unaogandisha jamu, na lile lenye ukakasi bado linao. Rojo likachemshwa kwanza peke yake, ndipo sukari kilo tatu na nusu ikaingia, pamoja na vijiko kumi vya chakula vya maji ya ndimu. Nikasema ndimu zimezidi. Akanijibu kwamba sukari peke yake haitoshi kulinda, na embe lililoiva sana ukali wake umeshuka mno. Ndimu ndiyo inayoigandisha jamu na ndiyo inayozuia vijidudu.

Tulipika kwa sufuria mbili ndogo. Kwenye sufuria moja kubwa maji yanachelewa kukauka, rojo linakaa motoni muda mrefu na rangi ya dhahabu inageuka ya udongo. Jamu ya embe inavyozidi kuwa nzito huruka, na tone likikuangukia mkononi linang'ang'ania hapohapo likiunguza, kwa hiyo mwiko uwe mrefu na mikono ifunikwe. Watu wengi hupima kwa kudondosha kidogo kwenye kisahani cha baridi, wakisukuma kwa kidole waone kama inakunjana. Mama mkwe alifanya hivyo, kisha akaomba mizani. Tuliingiza kilo nane na nusu za rojo na sukari, na zikibaki kilo sita na nusu hivi, ukiondoa uzito wa sufuria, jamu iko tayari. Mizani ilimwunga mkono. Ikamiminwa ya moto kwenye chupa za moto, mpaka karibu na mdomo.

Rundo la pili tulikula. Watoto walikula mpaka mdogo akatoka vipele pembeni ya midomo, kwa sababu ya utomvu wa kikonyoni. Akioshwa vizuri kwa sabuni na embe likamenywa kabla halijafika mdomoni, vinaisha. Sisi tulikula vipande vyake na samaki wa kukaanga, juu yake kitunguu, pilipili mbuzi na ndimu, na mezani hakuna aliyeulizia nyanya.

Yaliyobaki kwenye rundo hilo shemeji yangu, aliye chuoni, alitaka kuyakausha. Aliyakata vipande vyembamba, akavipanga juu ya mabati, akavifunika na chandarua chakavu ili nzi wasitue. Mama mkwe alikiondoa chandarua hicho kwa mkono wake mwenyewe. Vyandarua vya siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo si ya kugusa chakula. Akaleta pazia la neti. Lakini wingu la vuli halina mjadala. Manyunyu yakaja, vipande vikaingizwa ndani, vikatolewa, vikaingizwa tena, na Kibaha hewa yenyewe ina maji wakati huo. Vya kwanza vikaota ukungu wa kijivu. Vilivyopona ni vile tulivyovimalizia kwenye oveni ya jirani kwa moto mdogo, mlango ukiwa wazi kidogo. Kipande kilichokauka kinapinda bila kuvunjika na hakigandi na mwenzake. Hata hivyo tuliviweka kwanza kwenye chupa kavu tukawa tunaitikisa kila siku, na ukuta wa chupa ukitokwa na jasho, vinarudi kwenye moto.

Rundo la kwanza, lile gumu, ndilo lililokuwa halina haraka, na mama mkwe alilifanya la mwisho makusudi. Alilikata na maganda yake, akalisugua chumvi na binzari, akalishindilia kwenye chupa. Chumvi ilivuta maji na maembe yakazama humo. Jua likitoka anaanika, likijificha anarudisha kwenye maji yake ya chumvi na hakuna ukungu, kwa kuwa embe bichi lina ukali wa kutosha na chumvi imemaliza kazi iliyobaki. Baadaye ikaja pilipili, kitunguu saumu, uwatu, siki na mafuta yaliyopashwa moto na kupozwa, yakafunika vipande vyote. Achari hiyo ndiyo imefika Pasaka.

Sasa tatizo ni chupa za glasi. Nimezigawa za jamu mtaa mzima, kwa ustaarabu, nikisema "chupa tu ndiyo naomba irudi". Zimerudi mbili. Mama wa nyumba ya kona namwona kila asubuhi akichota sukari kwenye chupa yangu, kifuniko chekundu, na tunasalimiana vizuri.