Sifa za Kero Iitwayo Upatanisho

Hakuna mtu aliyewahi kukishukuru kiambishi wa-. Watahiniwa wamekilaani, wahariri wamekisahihisha kwa wino mwekundu, wageni wamekikimbia. Leo nakipigia vigelegele, na jukwaa langu ni mnada wa ng'ombe huko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mahali ambapo kinafanya kazi kutwa nzima bila posho.

Msikilizeni mfugaji anayetangaza habari njema: “Ng'ombe zangu wawili wale wekundu waliokuwa wamepotea wamepatikana!” Hebu hesabuni. Wawili, wale, wekundu, waliokuwa, wamepotea, wamepatikana: kiambishi kimoja kimetokea mara sita (ndani ya wekundu kimemezwa nusu, a yake ikaliwa na e inayofuata, lakini kimo). Kwamba ng'ombe ni zaidi ya mmoja tuliambiwa tangu pale kwenye zangu. Mhasibu yeyote mwenye akili timamu angefuta wa- zote sita akaokoa pumzi za mfugaji. Lugha haikuajiri mhasibu, na ndiyo sababu naisifu.

Maana mnadani nomino hupotea. Vumbi, honi za malori, madalali wanapayuka, mara mtu upande wa pili wa zizi anapiga kelele: “Imekatika! Ametoroka!” Hakutaja kitu chochote kwa jina, na bado kila aliyesikia anageuka kutafuta mnyama, si kamba. I- imebeba kamba, a- imebeba ng'ombe. Sentensi nzima mbili, nomino sifuri, na hakuna aliyeuliza nini kimekatika wala nani katoroka. Nendeni pia kituo cha kununulia pamba msimu wa mavuno. Karani akisema “imelowa” mjue ni pamba, akisema “yamejaa” ni magunia, na akisema “wamegoma” basi ni wakulima, na hapo afadhali karani mwenyewe atafute pa kupitia.

Kusifu hakumaanishi kuficha aibu ya msifiwa. Karani huyohuyo akimgeukia mwenzake na kusema “umeharibika”, anazungumzia mzani au anamtukana? U- ya mzani, ambao uko ngeli ya 3, inafanana kabisa na u- ya nafsi ya pili umoja. Vilevile i- ya kamba moja, ngeli ya 9, haitofautiani na i- ya minyororo mingi, ngeli ya 4, hivyo “imekatika” ya pale zizini ingeweza kuwa hasara ya minyororo kumi. Namba hizi za ngeli tulipewa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19, akaziendeleza Carl Meinhof, na manufaa yake ni hayo: zinatusaidia kusema kwamba viambishi viwili vinavyosikika sawa si lazima viwe kitu kimoja. Msikilizaji hana namba. Ana macho, na mzani uko mbele yake.

Sasa nije kwenye utundu ninaoupenda kuliko wote. Rudini kwenye sentensi ya mfugaji mtazame lile neno ambalo sikulihesabu: zangu. Wenzake sita wamevaa wa-, lenyewe limevaa z-. Si kosa, wazungumzaji wengi husema ng'ombe zangu wamepotea, kama wasemavyo rafiki zangu wamefika na dada zangu wameolewa. Ng'ombe kwa umbo ni neno la ngeli ya 9 na 10, jirani wa nyumba na kalamu. Kwa maana ni kiumbe hai, na Kiswahili sanifu huvihamishia viumbe hai kwenye upatanisho wa ngeli ya 1 na 2, ile ya mtu na watu. Kitenzi kikafuata maana, kivumishi kikafuata maana, kionyeshi nacho hivyohivyo. Kimilikishi kikabaki na umbo. Neno moja, wafuasi wa vyama viwili, ndani ya sentensi moja, na hakuna anayegombana.

Hapa ndipo wale wanaopanga ngeli hutoa jasho. Ukipanga kwa umbo la nomino, ng'ombe yuko pamoja na kalamu, lakini kitenzi kinakukatalia. Ukipanga kwa upatanisho, kama wafanyavyo wanaosema ngeli ya A-WA na ngeli ya I-ZI, ng'ombe anaingia A-WA kwa shangwe, kisha zangu inachungulia dirishani kutokea I-ZI. Mwanafunzi akiulizwa ng'ombe yuko ngeli gani, jibu la haki ni kwamba inategemea unamuuliza nani: kitenzi au kimilikishi. Kwenye umoja mambo hubadilika tena: ng'ombe wangu amepotea, lakini rafiki yangu amefika. Mnyama mmoja anafuata maana mpaka kwenye kimilikishi. Rafiki na ndugu hawafuati.

Nusu ya maelezo haya inasikika palepale Bariadi, kwa wanaoongea Kisukuma. Kwao watu wote ni bhanhu bhose, na ng'ombe wote ni ng'ombe jose. Watu wanapatanishwa na ngeli ya 2, ng'ombe wanabaki na ngeli yao ya 10, uhai wao haujawapandisha cheo. Kwa hiyo Msukuma anayesema kwa Kiswahili “ng'ombe zote zimepotea” hajapotoka hovyo, ingawa mwalimu atamchorea mkasi. Anafuata utaratibu ambao Kiswahili chenyewe kinaelekea kuwa kiliufuata zamani kabla ya kuvipandisha viumbe hai daraja. Zangu ya mfugaji ndiyo iliyosahaulika nyuma wakati wenzake wanahama.

Uhamisho huo una faida ambayo Kisukuma hakiipati kwa njia hiyo. Ukisema “nimeona viboko watatu” unamaanisha wanyama wa mtoni. Ukisema “nimeona viboko vitatu” watoto wa shule wanajificha. Ndege ametua mtini, ndege imetua kiwanjani. Vifaru wawili wanakula majani, vifaru viwili vinakwenda vitani. Umbo la nomino halikubadilika hata herufi moja, kazi yote imefanywa na kile kiambishi ambacho mhasibu wetu alitaka kukifuta.

Mtihani wa mwisho wa msifiwa ni kiunganishi na. Mzee na mkewe wamefika, hapana shida. Sahani na kikombe vimevunjika. Nomino za ngeli tofauti zisizo na uhai hukimbilia vi-, ngeli ya 8, na wengi huridhika. Lakini mzee na trekta lake… wamekwama? Trekta halina roho. Vimekwama? Mzee si kitu, na wanawe wanasikiliza. Lamekwama halipo katika lugha yoyote ya Mungu, na limekwama linamwacha mzee nje. Sikilizeni watu wa shamba watakavyofanya: hawachagui. Watasema mzee amekwama na trekta lake, kiambishi kikamshika mzee peke yake na trekta likaburutwa nyuma kwa na. Au watatumia vitenzi viwili: mzee kashuka, trekta nalo limezima. Msifiwa wangu amewafanya watu wazima wapange upya sentensi nzima ili tu wasimkosee adabu, na ni nani mwingine serikalini mwenye uwezo huo?