Bi Hamisa Mwenye Masharubu

Jamani, mimi naitwa Hamisi. NIDA wanajua. Benki wanajua. Hata yule wa mkopo wa simu anajua, tena analitamka vizuri kuliko mama yangu. Ni kadi ya bima tu ndiyo inasema Hamisa. Picha ni yangu, masharubu yale pale, na ubavuni pameandikwa Hamisa. Nani anasoma kadi lakini? Unapewa, unatia kwenye pochi, basi. Makato ya kila mwezi yalikuwa yananipata bila kukosea jina.

Sasa presha ikapanda. Daktari wa zahanati ya mtaani akaniandikia rufaa, nikaenda hospitali kubwa, nikapanga foleni dirisha la bima. Dada akaingiza namba ya kadi, faili likafunguka. Akaita kwa sauti ya mnadani: "Hamisaa!" Nikasimama. Benchi zima likageuka. Kuna bibi alinisogelea, akanitazama masharubu, akarudi kukaa.

Dada akashika rufaa mkono huu, kadi mkono ule. "Kaka, huku Hamisi, huku Hamisa. Nimtibu nani?" Nikamwambia atibu aliyesimama. Akanieleza taratibu, kama mtu anayejua presha yangu. Kumbe hospitali hailipwi siku ileile. Unatibiwa, wanajaza fomu ya madai, unasaini, halafu fomu zinakusanywa na kupelekwa bima. Kule kuna watu kazi yao kulinganisha. Jina la fomu likigombana na la kadi, dai linarudi, na hospitali inabaki na hasara ya dawa ulizokwisha meza. Nikasema basi niandike Hamisa kote, yaishe. Akanitolea macho. Kusaini kwa jina lisilo lako, anasema, hilo wanaliita udanganyifu. Nikalipa taslimu. Nikapewa risiti, nikakunja.

Jioni kijiweni wakanishauri: nenda kale kiapo. Watu wa bodaboda wanajua sheria, mimi nani nibishe? Nikaenda kwa wakili, nikalipa, muhuri mwekundu ukapigwa: Hamisi na Hamisa ni mtu mmoja. Mke wangu akakisoma mara mbili. "Kwa hiyo mimi nimeolewa na yupi?"

Nikakipeleka ofisi ya bima kifua mbele. Mama wa kaunta akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Kiapo, anasema, ni cha mtu ambaye vyeti vyake vyenyewe vinapingana. Wewe kitambulisho Hamisi, cheti cha kuzaliwa Hamisi, barua ya ajira Hamisi. Kilichokosea ni kadi, na kadi inafuata vyeti. Tena maombi hayaletwi na wewe. Aliyekuandikisha ni mwajiri, basi mwajiri aandike barua, aambatanishe nakala ya kitambulisho na ya hiyo kadi mbovu. Na usisahau watoto, wamesajiliwa chini yako. Kweli bwana, kadi za watoto zinasema mwanachama ni Hamisa. Wanangu wana mama wawili na baba hawana.

Kule kazini dada wa utumishi akafukua fomu niliyojaza siku naajiriwa. Ile "i" yangu ya mwisho ina tumbo na mkia. Akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni mwandiko wa watu waliosoma zamani. Akajaza upya mwenyewe, kwa herufi kubwa, kalamu hakunipa.

Kadi mpya ikatoka. Hamisi! Nikakimbilia hospitali, nikaiweka dirishani kwa kishindo. Dada akatazama skrini, akatazama kadi, akapumua. Faili lao walilifungua kwa ile kadi ya zamani. Sasa bima inasema Hamisi, hospitali inasema Hamisa. Ukishasahihishiwa kadi, lazima kila hospitali uliyowahi kufika warekebishe faili lao, la sivyo fomu ya madai inatoka na jina la marehemu. Akarekebisha palepale, Mungu ampe mume. Dawa nikapata, sikutoa hata senti.

Nikanogewa. Bima yangu inarudisha pesa kwa mwanachama aliyelipa mfukoni akiwa na risiti. Si ninazo? Nikazikunjua, nikazipeleka. Zimerudi. Zilitoka kwenye faili la zamani, zimeandikwa Hamisa, na wao kwa sasa hawana mwanachama wa jina hilo. Nikauliza nifanyeje. Yule yule mama wa kaunta, bila hata kucheka: "Sasa hapo ndipo tunahitaji kiapo."

Kile cha kwanza mtoto amekichorea basi, abiria wote wako dirishani. Anayemjua wakili wa bei poa aniambie. Na wewe unayenicheka, hebu toa kadi yako uisome, ya watoto pia, leo hii ukiwa mzima.