Kulia ya Nani?

Muuza dagaa wangu hapa Murangi amehama kibanda. Tangazo lake nililiona kwenye status ya WhatsApp: "Wapendwa wateja wangu, kuanzia Jumatatu nimehamia eneo jipya na zuri zaidi. Ukiingia sokoni kata kulia. Huduma ni zilezile. Karibuni sana." Na picha ya dagaa. Dagaa nawajua, mama! Mimi natafuta kibanda.

Nikakata kulia, nikaishia kwa fundi cherehani. Nikaingia kwa upande mwingine, nikakata kulia tena, nikatokea chooni. Anayetoka stendi anaingilia juu, anayetoka ziwani anaingilia chini. Kulia ya huyu ni kushoto ya yule. Karibu nilie kweli.

Nilimpata siku ya tatu, naye ndiye aliyeanza kulalamika.

"Mwalimu, mbona mmenitupa?"

"Mama, si umejificha mwenyewe!"

Tukapindua ndoo mbili, tukakaa kuliandika upya tangazo. Alitaka lianze na jina lililo kwenye leseni. Nikakataa, maana hakuna mteja anayelijua. Sisi tunamwita Mama Sado, kwa vile sado yake hujaa mpaka kilele. Alama akataka iwe bodaboda. Nikamuuliza, bodaboda wakipata abiria? Tukachagua mwembe. "Jumatatu" nayo tukaipa tarehe, kwa sababu kila wiki ina yake.

"Mama Sado wa dagaa nimehama. Tangu Jumatatu tarehe 3 sipo tena karibu na mashine ya kusaga. Nipo chini ya mwembe mkubwa, turubai la bluu. Ukitoka stendi, ipite mashine, mwembe uko mbele yako. Ukitoka ziwani, utafika kwenye mwembe kabla ya mashine. Simu ni ileile."

Picha tukapiga mwembe na turubai, dagaa wakapumzika.

Shida ikabaki moja. Status hufutika baada ya saa 24, na huonwa na wale tu ambao yeye na wao wamehifadhiana namba. Bibi anayekuja siku ya gulio na kikapu chake, simu ya tochi, ataionea wapi? Huyo ataletwa na miguu yake hadi kibanda cha zamani. Basi tukaandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi: "Mama Sado yuko mwembeni", tukachora mshale, tukakitundika palepale. Kijana wa mashine tukampa kisado cha dagaa ili awaelekeze watakaouliza.

Siku ya gulio nikaenda kukagua kazi yangu. Kibanda cha zamani kimepata mpangaji, naye anauza dagaa. Boksi letu hakulitoa, aliligeuza kidogo tu, mshale ukaelekea kwenye meza yake. Bibi mmoja alisoma, akacheka, akamwuliza kijana wa mashine, akaenda zake mwembeni.

Aliyeufuata mshale akanunua sado isiyojaa ni mimi, niliyeuchora.