Bureti Haina Wakili

Kila muhula nikisahihisha ripoti za titresheni, mtuhumiwa ni yule yule: bureti. "Kosa lilitokana na jicho kutokuwa sambamba na menisko, pamoja na makosa ya kibinadamu." Basi. Mwanafunzi anafunga daftari, anakwenda zake kula. Jicho hilo lilipotoka kiasi gani hata likazaa kosa la asilimia 10, hakuna anayeliuliza.

Ripoti ya mabinti wawili wa kidato cha tano ilikuwa na tarakimu nzuri mno, sikuweza kuiachia ipite. Walipima siki ya dukani ambayo lebo yake inasema asilimia 5, yaani gramu 5 za asidi asetiki katika mililita 100. Waliizimua mara kumi, wakachota mililita 25 kwa pipeti, wakatia matone ya finofthalini, kisha wakafungulia bureti yenye kostiki ya moli 0.100 kwa lita. Kama lebo ni ya kweli, rangi ya waridi ilipaswa kutokea kwenye mililita 20.8. Wao walipata 22.9, 22.8 na 22.9, na hesabu ikawapa siki ya asilimia 5.5.

Ukitoa 5.0 kwenye 5.5, ukagawanya kwa 5.0 na kuzidisha kwa 100, unapata kosa la asilimia 10, chanya. Ile alama ya kujumlisha walikuwa wameifuta kwa raba, wakidhani imeponyoka kalamuni. Kumbe ndiyo shahidi mkuu! Inasema mkosaji ni yule anayeongeza ujazo, si anayeupunguza. Nikawarudishia ripoti: wapangeni watuhumiwa upya, kila mmoja na uzito wake.

Tukaanza na bureti, maskini. Kila usomaji una shaka ya mililita 0.05, ukisoma mwanzo na mwisho, shaka haizidi 0.1. Katika mililita 22.9, hiyo haifiki hata nusu ya asilimia. Ili jicho peke yake lilete asilimia 10, ilibidi wakosee vijistari 21. Mtu akikosea vijistari 21, hajainama vibaya. Amesoma bureti ya jirani.

Kupitiliza je? Finofthalini inatakiwa iishie kwenye waridi hafifu inayodumu kama nusu dakika. Chupa yao ilikuwa imekoza kama kanga ambayo haijaonja maji. Tuseme walipitiliza nusu mililita: hapo pana asilimia 2 na ushei, tena upande unaotakiwa. Huyu akapewa kiti cha pili.

Binti mmoja akataja kiputo cha hewa chini ya koki. Ni kweli, kiputo kikitoka katikati ya kazi, bureti huonyesha umetumia kingi kuliko kilichoingia chupani. Lakini kiputo hutoka mara moja. Kingeharibu jaribio la kwanza tu, na mawili yaliyofuata yangeshuka. Majibu yao matatu yalikuwa yameshikana. Kwa hiyo tulimtafuta anayewadanganya mara zote tatu kwa kiwango kile kile, na ambaye ukirudia kazi hadi jioni atakudanganya vilevile.

Akabaki kostiki mwenyewe. Chembe zake hunyonya unyevu na kabonidayoksaidi kutoka hewani. Ukipima gramu 4.0 za chembe zilizokwisha kunywa hewa, sehemu ya uzito huo si kostiki tena. Mchanganyiko unakuwa hafifu, unahitajika mwingi zaidi kumaliza asidi, na siki ya watu inasingiziwa ukali.

Kumthibitisha ni rahisi. Tulichukua mililita 25 za asidi oksaliki ya moli 0.05 kwa lita, ambayo chembe zake hupimika bila ujanja. Kostiki ya 0.100 ingetumika mililita 25.0. Ikatumika 27.5, maana yake kostiki yetu ilikuwa 0.091 tu. Tuliporudisha tarakimu hiyo kwenye hesabu ya siki, jibu likawa asilimia 5.0. Hata kupitiliza kwao kulifichika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mkono ule ule ulipitiliza pande zote mbili. Ila nikawaonya wasishangilie sana: lebo yenye tarakimu moja haibishani na siki ya asilimia 4.8.

Stoo nikalikuta kopo la kostiki limefunikwa karatasi na mpira, chembe zimegandamana bonge. Mfuniko wake ulikuwa juu ya meza ya mtunza maabara, umejaa pini za ubao wa matangazo.

Mabinti wakaandika: kwanza kostiki, pili kupitiliza, mwisho kabisa bureti. Kisha mmoja akainua kalamu. "Na makosa ya kibinadamu, mwalimu, tuyaweke wapi?"

Mtunza maabara, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kuhesabu pini.